Shajara ya kikao changu cha kwanza cha unasihi: nilizidiwa, nisaidieni kuona ni wapi

Mwanagenzi (mwanzisha uzi), Jumanne saa 11:40 jioni

Wakuu, habari za jioni. Nasomea unasihi ngazi ya stashahada, sasa niko kwenye mafunzo kwa vitendo. Chuo kinatutaka tuandike shajara baada ya kila kikao, na leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa na mteja peke yangu, bila msimamizi chumbani. Nimebadilisha umri, kazi na mambo ya familia ili mteja asitambulike. Nilichoandika ni hiki:

"Leo saa 4 asubuhi nimeingia chumbani na karatasi yenye maswali 12, nimetoka na majibu ya mawili. Mteja ni mama wa makamo, amenizidi umri sana, ananiita mwanangu. Amekuja kwa kuwa halali usiku. Nyuma ya kukosa usingizi kuna mikopo kausha damu mitatu, kila mmoja umekopwa kulipa mwingine. Alilia mapema. Nilimpa tishu, nikamfariji, nikamtia moyo, akanishukuru sana. Baada ya hapo mazungumzo yakawa mepesi, lakini mimi nilikuwa kama mtu anayetembea kwenye maji ya kifuani. Nikafunga kikao dakika ya 35 badala ya 50 kwa sababu sikuwa na la kusema. Tumepanga kuonana Jumanne ijayo. Nimezidiwa. Sijui kama kazi hii ninaiweza."

Nikiisoma naona hisia zangu tu, kosa silioni. Ila najua lipo.

Kiti cha Nyuma, saa 11:58 jioni

Dada, kinachokosekana ni mpangilio. Shajara ya tafakuri ina hatua sita: kilichotokea, ulichohisi, kipi kilikwenda vizuri na kipi vibaya, kwa nini, unahitimisha nini, na mara nyingine utafanyaje. Wewe umeandika mbili za mwanzo ukaishia hapo. Jaza nne zilizobaki, msimamizi wa chuo hatakukata alama.

Msikilizaji, saa 12:20 jioni

Kiti cha Nyuma, hizo hatua sita ni sahihi, ila dada hakuuliza habari ya alama. Na hata akizijaza zote leo, atachambua kitu ambacho hajakiandika.

Mwanagenzi, rudi kwenye sentensi yako hii: "Nikamfariji, nikamtia moyo, akanishukuru." Kuna vitenzi vitatu pale na hakuna hata neno moja lililotamkwa. Shajara ya mnasihi huficha kosa namna hiyo, wala si kwa uongo. Mkono huandika muhtasari mahali ambapo moyo haukutaka kukaa. Kila ukikuta umeandika "nikamfariji", "nikamweleza", "tukajadiliana", jua hapo chini kuna maneno halisi, na maneno hayo ndiyo kikao chenyewe.

Fanya hivi sasa, kabla hujalala, kwa sababu ukilala usingizi utakutengenezea mazungumzo laini kuliko yalivyokuwa. Chukua karatasi. Usiandike kikao kizima. Andika dakika tano tu, zile za karibu na machozi, mbili kabla na tatu baada. Mstari mmoja aliyosema yeye, unaofuata uliyosema wewe, na pembeni kilichokupitia mwilini wakati ule: koo kukauka, kutazama saa, hamu ya kusema neno zuri. Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, na lafudhi yake. Usiyasanifishe. Usipokumbuka, acha nafasi wazi, usijaze kwa kubuni. Nyamazo nazo ziandike, na kila moja ikadirie urefu wake.

Kisha tuwekee hapa mistari michache tu, ile ambayo haina kitu kinachoweza kumtambulisha. Mingine mpelekee msimamizi wako.

Baba Wawili, saa 12:31 jioni

Samahani, mimi si wa fani hii. Nimeingia kwa sababu nahudhuria kwa mnasihi tangu mwaka huu uanze, nimeshakwenda mara sita. Kumbe mkitoka pale mnakwenda kuandika neno kwa neno tuliyosema? Na mnayaleta mtandaoni? Nilimwambia yule mtu mambo ambayo mke wangu hayajui. Nani anasoma hayo madaftari?

Msikilizaji, saa 12:50 jioni

Kaka, swali lako ni la haki na linastahili jibu kamili.

Kuna maandishi ya aina tatu na hayatakiwi kuchanganywa. La kwanza ni jalada lako pale kituoni. Hilo ni fupi, aya moja au mbili kwa kikao: tarehe, ulikuja kwa lipi, hatari yoyote iliyoonekana, mlichokubaliana, siku ya kurudi. Linafungiwa kabatini na una haki ya kuuliza lina nini. La pili ni maandishi ya neno kwa neno kwa ajili ya msimamizi. Hayana jina lako, yana herufi moja au namba, na yakishazungumzwa yanachanwa. La tatu ni shajara ya mnasihi mwenyewe, na hiyo inamhusu yeye: alichohisi, alichokimbia, alichojifunza. Wewe humo unatakiwa uonekane kama kivuli tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu ni katika zile zinazolindwa zaidi.

Kuhusu mtandaoni, una hoja. Mimi nimemruhusu mwanafunzi kwa masharti, na kuna wasimamizi wazuri ambao wangekataa kabisa. Kubadilisha umri na kazi hakutoshi kila mara, kwa sababu mtu hutambulika kwa mchanganyiko wa mambo. Mikopo mitatu, mama wa makamo na siku ya Jumanne vikikaa pamoja, jirani yake anaweza kuunganisha. Mwanagenzi, siku na saa ya kikao ungeziondoa.

Nawe kaka, kikao kijacho muulize mnasihi wako moja kwa moja: unaandika nini, kinakaa wapi, nani mwingine anakisoma. Hatakiwi kuchukia.

Mwanagenzi, saa 1:35 usiku

Kaka Baba Wawili, nimekusikia na naomba radhi. Uzi hauniruhusu tena kuhariri, nimemwandikia msimamizi wa jukwaa aondoe siku na saa.

Nimeandika dakika tano. Imenichukua karibu saa nzima na mkono umenitetemeka. Hii ndiyo sehemu ninayoona inaweza kuwekwa hapa:

Yeye: Mwanangu, mimi nimechoka. Sijui nikwambie vipi. Nimechoka kuamka. (Analia.)
Mimi: Pole sana mama. (Nampa tishu. Koo limekauka.)
Kimya, labda sekunde kumi. Kwangu kilikuwa kirefu mno.
Yeye: Naona kama wote wangepumua, nisingekuwepo.
Mimi: Usiseme hivyo mama. Mungu ana mpango na wewe. Watoto wanakutegemea. (Natazama saa. Nataka aache kulia.)
Yeye: Ni kweli mwanangu. Asante. (Anafuta machozi, anatabasamu.)
Mimi: Enhe, sasa tuambiane kuhusu usingizi. Unalala saa ngapi?

Nilipoandika "nisingekuwepo" ndipo nikalisikia. Mchana sikulisikia.

Msikilizaji, saa 1:41 usiku

Mwanagenzi, weka shajara pembeni. Mpigie msimamizi wako sasa hivi, usimtumie ujumbe. Asipopokea, mpigie msimamizi wa kituo au mhudumu wa zamu wa kitengo cha afya ya akili hapo ulipo. Mwambie kwa maneno haya: "Mteja wa leo alisema wote wangepumua asingekuwepo, na kwamba amechoka kuamka. Sikumuuliza kama anafikiria kujiua. Amekwenda nyumbani. Nahitaji tuamue usiku huu." Usianze kwa kueleza ulivyojisikia. Hilo lina siku yake.

Kufanya kazi hii peke yako usiku si wajibu wa mwanafunzi. Ndiyo maana kuna msimamizi. Ukimaliza kuzungumza naye, rudi hapa.

Mtaa wa Nne, saa 1:52 usiku

Mimi nina wasiwasi na mnavyomtia hofu binti. Watu wa makamo wanasema "nimechoka na dunia" kila siku, ni lugha tu. Halafu ukimpigia mtu mzima ukamuuliza kama anataka kujiua, unamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Amwache mpaka kikao kijacho, aende naye polepole, akijenga uaminifu atayasema mwenyewe.

Nesi wa Zamu, saa 2:10 usiku

Mtaa wa Nne, nusu ya maneno yako nayakubali. Kweli "nimechoka na dunia" ni msemo, na asilimia kubwa ya wanaousema hawana nia ya kufa. Shida ni kwamba wachache wenye nia nao husema hivyohivyo, kwa sauti ileile. Huwezi kuwatofautisha kwa kusikiliza tu. Unawatofautisha kwa kuuliza.

Hilo la kumtia wazo limechunguzwa sana na halikuthibitika. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii nia. Wengi hupata ahueni, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyelitamka neno bila kukimbia. Kinachoongeza hatari ni kile kilichotokea pale: mtu anafungua mlango kidogo, anajibiwa "usiseme hivyo", anaufunga kwa adabu. Mara nyingine hataufungua.

Tena tazameni lugha yenyewe. Hakusema "nataka kufa". Alisema wengine wangepumua. Maana yake anajiona mzigo, na yeye kutokuwepo ni nafuu kwa watu. Mnasihi anatakiwa kulisikia hilo kwa Kiswahili chake, kwa kuwa mtu wa kwetu ni nadra kutumia neno kujiua. Atasema "natamani nilale moja kwa moja", "nitawapumzisha", "mkinitafuta hamtaniona", "nakuachia wanangu". Kauli ya mwisho inatisha kuliko zote zilizotangulia, kwa kuwa mtu ameshaanza kugawa.

Msimamizi akikubali wapige simu, na iwe ni wao wawili pamoja, iende hivi. Kwanza ahakikishe mama yuko mahali anapoweza kuongea: "Uko peke yako, au nipige baadaye kidogo?" Pili amrudishie maneno yake mwenyewe: "Mama, leo ulisema wote wangepumua usingekuwepo. Nilipita haraka, sikukusikiliza. Nimerudi kwenye neno hilo." Tatu aulize waziwazi: "Unapofika kuwaza hivyo, je, huwa unafikiria kujiua?" Halafu anyamaze. Hata kimya kikifika sekunde ishirini asiongeze neno.

Akijibu hapana, asifurahi upesi, aulize tu hali hiyo huwa inafika mpaka wapi. Akijibu ndiyo, maswali yanayofuata yana mpangilio wake kwa sababu kila moja linapima umbali uliobaki. Umefikiria namna? Kitu chenyewe unacho hapo nyumbani? Umefikiria lini? Umewahi kujaribu siku za nyuma? Na mpaka leo ni nini kimekuzuia? Asiyaulize kama karani anayejaza fomu. Ila asiruke la kitu chenyewe na lile la kuwahi kujaribu, kwa kuwa aliyewahi kujaribu yuko kwenye hatari kubwa kuliko asiyewahi.

Mwanagenzi, saa 2:48 usiku

Nimempata msimamizi. Hakunigombeza. Tumempigia mama pamoja, simu ya kituo, msimamizi akiwa pembeni yangu kwenye spika na mama ameambiwa hivyo. Yaliyosemwa sitayaweka hapa. Nitasema tu kwamba jibu halikuwa hapana, na kwamba usiku huu hayuko peke yake, kuna ndugu aliyemchagua yeye mwenyewe. Kesho asubuhi ataonwa hospitali ya rufaa ya mkoa.

Nilichokwama ni hiki. Msimamizi aliniuliza kama mwanzoni mwa kikao nilimweleza mipaka ya usiri. Nilimwambia mama "yote utakayosema yanabaki humu ndani". Kwa hiyo nilipoanza kuzungumzia ndugu yake nilikuwa navunja ahadi. Hilo linarekebishwaje?

Nesi wa Zamu, saa 3:05 usiku

Umefanya vizuri kumwachia yeye amchague ndugu.

Kwenye usiri, ahadi ya "yote yanabaki humu" haitakiwi kutolewa kwa sababu hakuna anayeweza kuitimiza. Maneno ya dakika za mwanzo hayazidi nusu dakika: "Tutakayozungumza ni siri yako. Kuna mahali patatu ambapo nitalazimika kumshirikisha mtu mwingine: nikiona maisha yako yako hatarini, nikiona mtu mwingine yuko hatarini, hasa mtoto, au mahakama ikiamuru. Hata hapo nitakwambia wewe kwanza. Na kwa kuwa niko mafunzoni, nina msimamizi ninayejadiliana naye kazi yangu." Kipengele hicho cha msimamizi wanafunzi wengi hukiruka kwa kuona aibu kujitaja kama wanafunzi. Mteja akigundua baadaye, uaminifu unavunjika vibaya zaidi.

Kurekebisha: mkionana tena, kabla ya jambo lolote, sema wazi kwamba ulimwambia neno lisilo sahihi, mpe maneno sahihi, umuulize anajisikiaje kuhusu simu ya usiku huu. Akikasirika, mwache akasirike, usijitetee.

Mizani, saa 3:20 usiku

Haya yote yangeepukika kwa dodoso. PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ina maswali tisa, inachukua dakika tano, tafsiri ya Kiswahili ipo. Swali la tisa linauliza moja kwa moja kuhusu kuwaza kufa au kujidhuru. Kila mteja ajaze mapokezini kabla ya kuingia, mnasihi akiona jumla ni kubwa anajua. Jumla ya juu ni 27, ukifika 20 hali ni kali. Kwa nini mnategemea sikio la mwanafunzi?

Nesi wa Zamu, saa 3:37 usiku

Mizani, dodoso nalitumia na nalipenda, ila usitazame jumla. Mtu anaweza kupata 8, ambayo kwa jumla ni hali nyepesi, huku swali la tisa peke yake amelijibu 2, yaani zaidi ya nusu ya siku katika wiki mbili zilizopita. Swali hilo lisomwe peke yake kila mara, na jibu lolote lisilo sifuri liulizwe kwa mdomo.

Tena lenyewe lina kasoro. Linachanganya kuwaza kwamba ni heri ungekufa na kuwaza kujidhuru, kwa hiyo anayejibu 1 hujui anajibu lipi. Na likijazwa mapokezini, karani akilisoma kwa sauti mbele ya foleni kwa sababu mteja hasomi, kila mtu ataandika sifuri. Dodoso linakwambia pa kuuliza. Kuuliza kwenyewe kunabaki kwa mnasihi.

Pwani ya Kaskazini, saa 4:02 usiku

Nawasalimu kutoka Mombasa. Niongeze la sheria maana naona halijatajwa, na ndilo linalofanya wanasihi wapya waogope kuandika. Huku Kenya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwenu Tanzania kifungu cha 217 kingali kinalitaja jaribio kuwa kosa. Lakini tazameni neno: jaribio. Kuwaza si jaribio, na mteja anayekwambia anawaza hajakiri kosa lolote. Wapo wanafunzi wanaoandika kwenye jalada "mteja ana huzuni" badala ya alichosema, wakidhani wanamkinga. Hawamkingi. Anayefuata kulisoma jalada hatajua kuna hatari.

Andika maneno yake ndani ya alama za kunukuu, andika ulichouliza, andika alichojibu, andika mlichoamua na nani alijulishwa, saa ngapi. Basi. Usiandike maoni yako kuhusu tabia yake.

Mtaa wa Nne, saa 4:15 usiku

Nimesoma. Hilo la kutia wazo niliamini miaka mingi, nimelirudisha. Lakini bado nauliza: binti wa miaka ishirini na kitu anamuulizaje mama wa watu swali hilo? Kwetu mtoto hamtajii mkubwa kifo chake.

Msikilizaji, Jumatano saa 12:30 asubuhi

Mtaa wa Nne, hapo umeligusa hasa lililomzidi Mwanagenzi, na nilikuwa nangoja usiku upite ndipo nilijibu.

Soma tena mistari yake. Mama anasema neno zito. Binti anajibu kama binti: usiseme hivyo, Mungu yupo, watoto wapo. Kila neno pale ni jema, ndivyo tulivyolelewa kumjibu mkubwa anayelia. Na mama naye anajibu kama mama: "Ni kweli mwanangu. Asante." Anatabasamu. Katika shajara ya kwanza "akanishukuru sana" ilihesabiwa kama mafanikio. Mimi naisoma kinyume. Ile asante ilikuwa ya mtu mzima kumwonea huruma mtoto aliyeshtuka. Kuanzia pale mama ndiye aliyekuwa akimlinda mnasihi, na ndiyo maana mazungumzo yakawa "mepesi". Mteja akikubali haraka, akashukuru, machozi yakakauka ghafla na sauti ikapanda, tuliza kila kitu na urudi nyuma sentensi mbili. Mara nyingi utakuta kuna neno umelifunika.

Angalia pia pembeni, kwenye kilichompitia: "Nataka aache kulia." Faraja ile ilikuwa inamtuliza nani? Faraja inayokuja ndani ya sekunde mbili baada ya neno zito kwa kawaida ni ya anayeitoa. Msimamizi mzuri atakaa kwenye mstari huo mmoja saa nzima, na kikao hicho cha usimamizi kitamfaa kuliko kurasa kumi za hisia.

Karatasi ya maswali 12 pia irudi nyumbani. Kikao cha kwanza kina kazi nne tu: mipaka ya usiri, kimemleta nini kwa maneno yake, kuna hatari au hakuna, na mtaonana lini. Alipopoteza njia alilikimbilia swali la usingizi kwa sababu lilikuwa limeandikwa.

Sasa kwa swali lako. Kuitwa mwanangu si kizuizi, ni heshima aliyopewa na aipokee. Anaweza kuanza hivi: "Mama, uniwie radhi, nina jambo zito la kukuuliza, na nakuuliza kwa sababu ndiyo kazi iliyoniweka hapa." Radhi inatoa nafasi kwa adabu, na "ndiyo kazi iliyoniweka hapa" inamtoa kwenye nafasi ya mtoto.

Nesi wa Zamu, saa 1:10 asubuhi

Msikilizaji, kwa mengine yote nakuheshimu, kwa hili la "uniwie radhi" sikubaliani nawe. Ukiomba radhi kabla ya kuuliza, umeshamwambia mteja kwamba anachowaza ni aibu. Atajibu hapana ili asikuaibishe wewe. Mimi ningeanza na maneno yake na kuunganisha na wengine: "Watu wengi wakibanwa na deni kama hili hufika mahali pa kuwaza kujiua. Wewe umefika hapo?" Hapo hakuna radhi na hakuna aibu.

Msikilizaji, saa 1:25 asubuhi

Kwa kijana mwenzake, sawa. Kwa mama wa makamo aliyelelewa kwa adabu ya maneno, hilo swali lako bila kitangulizi linaweza kusikika kama kukosewa heshima, na atajibu hapana vilevile. Labda tofauti iko kwenye sauti kuliko neno. Sijashawishika.

Mizani, saa 1:40 asubuhi

Na je, amwambie mama aahidi kwamba hatajidhuru? Nimeona vituo wakisainisha hati.

Nesi wa Zamu, saa 2:05 asubuhi

Hapana. Hati ya ahadi haijaonyeshwa kuzuia kifo. Inampa mnasihi usingizi tu, na inamfanya mteja aone haya kupiga simu akizidiwa, kwa kuwa ameshasaini. Badala yake waandike pamoja mpango wa usalama, ukurasa mmoja kwa mkono wa mteja mwenyewe: dalili zinazomwonyesha kwamba hali inakuja, mambo anayoweza kufanya peke yake kutulia, watu na mahali pa kwenda kubadili mawazo, watu anaoweza kuwaambia ukweli, wahudumu na kituo cha kukimbilia, na mwisho kukiondoa nyumbani kile kitu alichokitaja.

Hicho cha mwisho ndicho kinachookoa wengi. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi ni la muda mfupi. Kama nyumbani kuna dawa za shambani, zikae kwa ndugu mwingine, tena mbali, siyo juu ya kabati. Sri Lanka vifo vya kujiua vilipungua sana baada ya serikali kupiga marufuku viuatilifu vikali kwa awamu. Deni lilikuwepo, huzuni ilikuwepo, sumu ilikuwa mbali.

Mwanagenzi, saa 3:50 usiku

Nimerudi. Mama ameonwa leo, amepangiwa kurudi Ijumaa, na msimamizi ataingia nami chumbani kikao kijacho kwa ruhusa ya mama. Shajara ya jana sikuifuta, msimamizi alisema ibaki na nyingine iandikwe chini yake. Nimeandika hivi:

"Mteja alisema neno la kufa kwa lugha ya kupumua. Nililisikia kwa masikio na nikalijibu kabla halijafika. Nilisema 'usiseme hivyo' kwa sababu niliogopa kwamba akiendelea nitalazimika kufanya kitu nisichokijua. Alinilinda kwa kunishukuru. Niliahidi siri nisiyoweza kuitunza. Kikao kijacho: mipaka ya usiri upya, dakika mbili. Kumwomba aniambie ilikuwaje kwake kupokea simu ile. Kuuliza tena kuhusu kujiua, kila kikao, mpaka yeye na msimamizi waone hakuna haja. Karatasi ya maswali ibaki mkobani."

Nimefanya mazoezi ya swali mbele ya msimamizi mara nane leo. Mara tatu za kwanza sauti ilikatika kwenye neno kujiua. Tumejaribu kwa radhi na bila radhi. Msimamizi naye hakuamua, amesema nitamsikiliza mama siku hiyo anaingiaje na ananiita nani.

Baba Wawili, saa 4:12 usiku

Nilimuuliza mnasihi wangu leo kwa simu anaandika nini. Amesema nikienda atanionyesha jalada. Sijui kama nataka kulisoma, lakini nitakwenda.